Timu 5 kati ya 12 zilirudi hazijamaliza: hotuba kuhusu bainomio na bainomio hasi

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwa wadodosaji na wanafunzi wa takwimu, naiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kuja. Picha za ukutani nimeziacha, maneno ni yaleyale.

Shikamooni wazee wetu mliokaa mbele, na nyie wadogo zangu wa huko nyuma karibuni, sogeeni basi viti viko. Leo sitaongea mambo mengi. Nataka niongee kitu kimoja ambacho kiliwahi kuwakata watu posho bila kosa lolote, na mimi nilikuwepo nikakaa kimya kwa sababu wakati ule sikuwa na hesabu ya kuwatetea.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa na utafiti wa lishe, timu 12, kila timu na kitongoji chake. Kazi ya kila timu ni kupata kaya 5 zenye mtoto wa chini ya miaka 2. Majina ya kaya yamechanganywa kwenye orodha, unaanza la kwanza, unapiga hodi, unauliza, kama mtoto yupo unafanya usaili, kama hayupo unashukuru unaenda jina linalofuata. Kwa taarifa tulizokuwa nazo karibu kaya 1 kati ya 4 ina mtoto wa umri huo. Sasa mtu wa bajeti akapiga hesabu yake: nataka 5, moja kati ya nne, nne mara tano ni ishirini. Kila timu ikapewa fomu za uchujaji 20, bodaboda ya kutosha hodi 20, siku moja.

Jioni timu 7 zimerudi na kaya zao 5. Timu 5 hazijafikisha, nyingine zimerudi na 4, nyingine 3, kuna iliyorudi na 2. Msimamizi akasimama mbele ya watu wote akasema hawa watano ni wavivu, wenzao wameweza wao wameshindwaje, bajeti si ni ile ile? Na posho ikakatwa. Kulikuwa na dada mmoja alikuwa amebeba zile fomu 20 mkononi, zote zimejazwa, zote zina saini ya mwenyekiti wa kitongoji, anazionyesha, hakuna anayeziangalia.

Nawauliza nyie, kosa la yule dada lilikuwa wapi?

Tuanze hapo hapo. Mle ndani kuna maswali mawili tofauti na sisi tuliyachukua kama swali moja. Swali la kwanza: nikipiga hodi 20, nitapata kaya ngapi zenye mtoto? Hapa hodi zimefungwa, ni 20, hazibadiliki, kinachochezacheza ni idadi ya kaya utakazopata. Unaweza kupata 5, unaweza kupata 2, unaweza kupata 9. Hiyo ndio bainomio, wengi mnaijua tangu sekondari. Swali la pili: nikitaka kaya 5, nitapiga hodi ngapi? Hapa kaya ndizo zimefungwa, ni 5, kinachochezacheza ni hodi. Unaweza kumaliza kwa hodi 9, unaweza kumaliza kwa hodi 37. Na hiyo ndio bainomio hasi.

Angalieni vizuri, mtaa ni ule ule, mlango ni ule ule, uwezekano ni ule ule wa robo. Kilichobadilika ni kimoja tu: nini kinakuambia simama. Kwenye ya kwanza unasimamishwa na idadi ya hodi, kwenye ya pili unasimamishwa na kaya ya tano. Ukijua kilichokusimamisha umeshajua uko kwenye mgawanyo gani. Na hilo jina la hasi lisiwatishe, halimaanishi kitu kibaya wala namba iliyo chini ya sifuri, limetoka kwenye hesabu tu, ile kanuni ya bainomio ikifunguliwa kwa kipeo hasi ndio inazaa hizi namba.

Sasa twende mlangoni. Nataka tuone kwa karibu hizi mbili zinapishana wapi, tuchukue hodi 20 na kaya 5.

Bainomio inauliza, ndani ya hodi 20 ni njia ngapi kaya 5 zinaweza kukaa? Inaweza kuwa hodi ya 1, ya 4, ya 7, ya 12, ya 13. Inaweza kuwa zote tano za mwanzo. Yoyote. Njia hizo ukizihesabu ni 15,504. Bainomio hasi inauliza kitu kikali zaidi: kaya ya tano iangukie hodi ya 20 yenyewe, sio kabla. Kwa nini? Kwa sababu kama kaya ya tano ungeipata kwenye hodi ya 13 ungeshafunga begi umerudi nyumbani, hodi ya 14 isingekuwepo! Kwa hiyo hodi ya mwisho ina mwenyewe tayari, hiyo ni kaya ya tano, haina ubishi. Zinazobaki kupangwa ni kaya 4 kwenye hodi 19 za mwanzo. Njia zake ni 3,876.

Gawanya 3,876 kwa 15,504. Mnapata ngapi? Robo kamili. Na robo hiyo ni 5 juu ya 20, maana ukichukua mipangilio yote ya kaya 5 ndani ya hodi 20, ni sehemu 5 kati ya 20 tu ambayo inaishia na kaya yenye mtoto. Ndio maana uwezekano wa kupata kaya 5 kwenye hodi 20 ni kama 0.202, lakini uwezekano wa kumaliza kwenye hodi ya 20 hasa ni 0.051 tu. Wanaopenda kuandika wataandika hivi:

```
P(X = k) = C(n, k)     p^k (1-p)^(n-k)
P(N = n) = C(n-1, r-1) p^r (1-p)^(n-r)
```

Ya juu bainomio, ya chini bainomio hasi. C ni idadi ya njia, n ni hodi, k na r ni kaya, p ni ile robo yetu. Tofauti yake ni ile moja iliyotolewa kila upande, na ile moja ni mlango wa mwisho. Mkilielewa hilo hamna haja ya kukariri.

Wastani je? Hapa yule mtu wa bajeti hakukosea. Kusubiri kaya ya kwanza kwa wastani ni hodi 4, ukishaipata unaanza upya kusubiri ya pili, hodi 4 tena, mpaka tano, jumla 20. Sawa kabisa. Lakini kila subira ina kuyumba kwake, na kuyumba kunajumlishana pia. Variansi, yaani kipimo cha kuyumba huko, kwa subira moja ni 12, tano ni 60, mzizi wake ni karibu 7.7. Yaani wastani ni 20 lakini kupishana kwa hodi 7 au 8 juu au chini ni jambo la kawaida kabisa, la kila siku. Kwenye bainomio ya hodi 20 kupishana kwa kawaida ni kaya 2 tu hivi. Na tena huku chini huwezi kumaliza kabla ya hodi 5, ila huku juu hakuna dari, mkia unaenda mbali.

Sasa ndugu zangu tufike kwenye daraja. Hili ndilo ningependa mtu akisahau yote abaki nalo, kwa sababu linaunganisha hizi mbili na ndilo lingemwokoa yule dada.

Kusema "mpaka hodi ya 20 sijafikisha kaya 5" na kusema "ndani ya hodi 20 nimepata kaya 4 au pungufu" ni kusema kitu kimoja. Kimoja! Sentensi ya kwanza ni ya bainomio hasi, sentensi ya pili ni ya bainomio, lakini tukio ni lile lile. Kwa hiyo ukitaka kujua uwezekano wa timu kushindwa kumaliza kwa hodi 20 huna haja ya chombo kipya, chukua bainomio yako ya sekondari, jumlisha uwezekano wa kupata 0, 1, 2, 3 na 4.

Tujumlishe. Kupata 0 ni 0.003. Kupata 1 ni 0.021. Kupata 2 ni 0.067. Kupata 3 ni 0.134. Kupata 4 ni 0.190. Jumla 0.415.

Asilimia 41! Timu yenye bidii zote, isiyoruka mlango hata mmoja, ina uwezekano wa asilimia 41 kurudi haijamaliza. Kwa timu 12 hiyo ni wastani wa timu 5. Tano! Mnakumbuka ngapi zilirudi hazijamaliza? Na uwezekano wa timu zote 12 kumaliza kwa hodi 20 kila moja, ukizidisha, haufiki hata mara 2 katika mara 1000. Kwa maneno mengine yule msimamizi alikuwa anasubiri kitu ambacho kisingetokea, na kilipotokea kile ambacho kilitakiwa kutokea akakiita uvivu.

Hesabu hii ni ya dakika tano. Mimi nilikuwa naijua bainomio siku ile. Sikujua tu kwamba inajibu swali lile.

Basi bajeti ingekuwa ngapi? Tumia daraja hilo hilo, ongeza hodi mpaka ule uwezekano wa kupata 4 au pungufu ushuke unapotaka. Ukitaka timu imalize mara 9 kati ya 10 unahitaji nafasi ya hodi 30, kwa hodi 29 uwezekano wa kukwama bado ni 0.115, kwa 30 ni 0.098. Ukitaka mara 95 kati ya 100 unahitaji 34. Nasema nafasi ya hodi 30, simaanishi kila timu itapiga 30, nyingi zitamaliza mapema na kurudi na fomu tupu, wastani bado ni 20.

Hapo mtu wa fedha atapiga kelele, timu 12 mara 30 ni 360, mbona tumeambiwa wastani 240? Ana haki, na jibu lipo. Ukizijumlisha timu zote 12 mnatafuta kaya 60, na subira 60 zikijumlishwa bado ni bainomio hasi ileile, ya kaya 60 badala ya 5, mradi uwezekano ni ule ule kila mahali. Wastani 240, kupishana kwa kawaida karibu 27. Kwa hiyo ili zoezi zima limalizike mara 9 kati ya 10 inatosha kuwa na hodi kama 275 kwenye akiba moja, yaani kama 23 kwa kila timu. Kwa nini ni chache hivyo? Kwa sababu timu iliyomaliza kwa hodi 12 inaiachia nafasi yake timu iliyokwama kwenye hodi 31. Ila hilo linafanya kazi endapo akiba kweli ni moja, gari linaweza kuhamisha fomu na mafuta kutoka kitongoji kimoja kwenda kingine. Kama kila timu imefungiwa kwenye fungu lake basi rudi kwenye 30. Mimi nashauri akiba moja kila inapowezekana, nimeona ikifanya kazi.

Kwa wale wa kompyuta neno moja hapa, maana kuna mtego umewanasa wengi. Kwenye R, ile programu ya takwimu, bainomio hasi haihesabu hodi zote, inahesabu hodi zilizotoka patupu tu kabla ya kaya ya tano. Hodi 20 zenye kaya 5 ni hodi 15 patupu. Kwa hiyo:

```r
pbinom(4, 20, 0.25)          # 0.4148
1 - pnbinom(15, 5, 0.25)     # 0.4148
1 - pnbinom(20, 5, 0.25)     # 0.2137
```

Mbili za juu ni daraja letu, zinatoa jibu moja. Ya tatu ni ya mtu aliyeandika 20 akidhani anaandika hodi zote, kumbe ameuliza habari ya hodi 25. Kompyuta haitamlalamikia, itampa 0.21, namba inayopendeza, nusu ya hatari halisi, na bajeti itapita kwenye kikao. Ndio maana mimi huwa naandika zote mbili kila mara, ya bainomio na ya bainomio hasi, zikipishana najua nimekosea kuhesabu.

Sasa kuna hoja nyingine, na wanafunzi nisikilizeni kwa makini, maana hapa hata watu wazima wanateleza. Tuseme kazi imeisha, timu moja imepata kaya ya tano kwenye hodi ya 14. Mtu anakuuliza, kwenye kitongoji hiki sehemu gani ya kaya ina mtoto mdogo? Utajibu 5 kwa 14, si ndio? Asilimia 36. Kwenye bainomio hilo ni jibu zuri. Kwenye bainomio hasi limeinama kwa juu.

Chukueni shilingi mfukoni tuone. Rusha mpaka upate kichwa, kisha simama, halafu kadiria uwezekano wa kichwa kwa kugawa 1 kwa idadi ya mirusho. Nusu ya watu humu watapata kichwa mara ya kwanza, makadirio yao ni 1, yaani asilimia mia. Robo watapata mara ya pili, makadirio yao nusu. Sehemu ya nane mara ya tatu, theluthi. Ukichukua wastani wa makadirio yote unapata karibu 0.69. Shilingi ni ya haki kabisa, 0.5, lakini njia yetu ya kukadiria inasema 0.69! Kwa nini? Kwa sababu tumeamua kusimama palepale pazuri. Mrusho wa mwisho ni kichwa siku zote, umelazimishwa na kanuni ya kusimama, hautuambii kitu kuhusu shilingi.

Dawa yake ni nyepesi mno: uondoe ule wa mwisho, juu na chini. Badala ya 5 kwa 14 andika 4 kwa 13, asilimia 31. Ukirusha shilingi mpaka vichwa viwili na kukadiria kwa 1 juu ya mirusho toa moja, wastani unatoka 0.5 barabara, jaribuni nyumbani kwa karatasi. Kanuni hii aliitoa J. B. S. Haldane mwaka 1945 kwenye jarida la Biometrika, yule mwanabiolojia Mwingereza, na hoja yake ilikuwa juu ya vitu adimu. Kama kitu kipo 1 kati ya 100 na wewe unaangalia 200 tu halafu unasimama, kuna uwezekano wa asilimia 13 usikione hata kimoja, utarudi kuandika sifuri. Lakini ukisema sisimami mpaka nione 20, utachoka, kwa wastani utaangalia 2000, ila makadirio yako yatakuwa na ukali ule ule hata kama kitu ni 1 kati ya 100 au 1 kati ya 500, kupishana kwa kama sehemu ya tano au robo. Ukali unaununua kwa idadi ya ulivyovipata. Kwenye bainomio ya 200 ukali unategemea kitu chenyewe ni adimu kiasi gani, na hicho ndicho usichokijua.

Nimeona vijana wa maabara mpo, nyie mnafanya bainomio hasi kila siku pengine bila kuiita hivyo. Mnapopima wingi wa vimelea vya malaria kwenye kioo cha damu nzito, kaunta mbili mkononi, moja ya vimelea na nyingine ya chembe nyeupe za damu, mnahesabu mpaka lini? Mpaka chembe nyeupe 200. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema ukifika 200 na vimelea havijafika 100, endelea mpaka chembe nyeupe 500. Tazameni kilichofungwa ni nini. Sio eneo la kioo, sio jumla ya mlivyoviona, ni chembe nyeupe 200. Kila kitu mnachokihesabu chini ya lenzi ni kimelea au ni chembe nyeupe, na mnasimama kwenye chembe ya 200. Vimelea ndio zile hodi patupu zetu, ila hapa patupu ndipo penye habari!

Tuseme umefika 200 na kaunta ya vimelea inasoma 120. Unazidisha kwa 8000, ambazo ndizo chembe nyeupe zinazokadiriwa kuwemo kwenye mikrolita moja ya damu, unagawa kwa 200, unapata vimelea 4800 kwa kila mikrolita. Je ukirudia kwenye kioo kile kile sehemu nyingine, 120 itarudi? Kwa bainomio hasi kupishana kwa kawaida ni karibu vimelea 14, ambavyo ni kama 550 kwenye ile 4800. Kwa hiyo wasomaji wawili mmoja akiandika 4400 na mwingine 5100 msigombane, hakuna aliyelala kazini. Na kuna uzuri mmoja hapa: mnachokitafuta maabara ni vimelea kwa kila chembe nyeupe, sio sehemu ya jumla, na kwa uwiano huo 120 kwa 200 haijainama popote, haina haja ya kuondoa wa mwisho. Kwa hiyo kabla ya kuondoa au kutoondoa jiulize unakadiria nini, sehemu ya wote au uwiano wa hiki kwa kile.

Lakini kioo kina ukorofi wake, na hapa niseme mipaka. Mnatakiwa kumaliza fildi nzima mliyoianza, yaani eneo lote linaloonekana kwenye lenzi kwa mara moja, hata kama 200 imefika katikati, kwa hiyo kusimama sio pale pale hasa, ingawa kwa 200 tofauti ni ndogo. Damu ikipakwa vibaya, upande mmoja mzito na mwingine mwepesi, vimelea vinakaa mafungu, basi kupishana kutakuwa kukubwa kuliko 14. Na ile 8000 ni namba ya kukubaliana, mgonjwa mwenyewe anaweza kuwa na chembe 5000, hilo kosa halipungui hata ukihesabu mpaka usiku.

Vijijini mambo yanafanana. Hesabu yote ya asubuhi hii imesimama juu ya mambo mawili, kwamba uwezekano haubadiliki kutoka hodi hadi hodi, na kwamba hodi moja haiijulishi nyingine. Ukiacha orodha ukaanza kufuata nyumba zilizopangana unaingia kwenye nyumba za ndugu, kwenye mtaa mpya wenye vijana walioana juzi kaya zenye watoto zinajazana, ukivuka barabara wazee watupu. Kitongoji kikiwa na kaya 40 tu na humrudii uliyemwona, kila hodi inabadilisha waliobaki, hapo bainomio hasi inakuwa makadirio tu na ipo hesabu yake nyingine ya kuchota bila kurudisha.

Na kubwa kuliko yote ni ile robo yenyewe. Nani alituambia ni robo? Orodha ya zamani. Tuseme ukweli ni 1 kati ya 5. Mtu anasema si tofauti ndogo hiyo? Rudini kwenye daraja, hodi 30, uwezekano wa kupata 4 au pungufu kwa 0.2. Ni 0.255. Hatari iliyokuwa kwenye asilimia 10 imeruka mpaka 25, kwa tofauti ya robo na tano moja. Kwa hiyo mimi nikipanga bajeti napiga hesabu mara mbili, mara moja kwa uwezekano ninaouamini na mara moja kwa ule wa chini ninaoweza kuukubali, halafu naenda kikaoni na ile ya pili.

Ukirudi na data angalieni pia kwa nini kila timu ilisimama. Baadhi ya timu zetu zile zilisimama kwa kaya ya tano, nyingine zilisimama kwa kuishiwa fomu. Zilizosimama kwa kaya ya tano ni bainomio hasi, na iliyoishiwa fomu ikiwa na kaya 3 kwenye hodi 20 inatuambia tu kwamba kaya ya tano iko mbali zaidi ya hodi ya 20. Ukizitupa zilizokwama kwa kuwa "hazijakamilika" umebaki na zilizobahatika kumaliza mapema, na kitongoji kitaonekana kimejaa watoto kuliko kilivyo. Zile fomu 20 za yule dada zilikuwa data nzuri kabisa, kumi na nane za hakuna na mbili za ndio, na zilitakiwa ziingie.

Kwa hiyo kwenye fomu mpya mliyogawiwa asubuhi mtaona visanduku viwili ambavyo fomu ya zamani haikuwa navyo. Kimoja ni hodi zote ulizopiga, na zile patupu zimo. Kingine kinauliza, ulisimama kwa sababu gani: nimefikisha idadi, fomu zimeisha, au muda umeisha. Mkiwa mmechoka saa kumi na moja jioni, jazeni hivyo viwili kabla ya kupanda bodaboda.

Asanteni sana, maswali karibuni.